Nywele za Panjani

Mke wangu aliondoka Januari, wiki ile ambayo milango ya magari ilikuwa inaganda. Mama yake alikuwa ameanguka jikoni kwake Morogoro, upande mmoja wa mwili ukapooza, na mke wangu ndiye binti pekee. Tulikadiria wiki sita. Alikaa miezi tisa.

Nilibaki Richfield, huku Marekani, na mtoto wetu wa kike, aliyekuwa na miaka minane. Kwenye mlango wa friji mke wangu aliniachia karatasi ndefu: siku za maktaba, dawa ya pumu, vyakula ambavyo shule haivitaki, namna ya kukoroga uji usifanye mabonge. Hakuandika chochote kuhusu nywele. Nadhani hazikumjia akilini kama kazi. Kwake nywele za mtoto zilikuwa Jumapili alasiri, mtoto amekaa chini katikati ya magoti yake, mafuta ya nazi kwenye kisosi, wawili hao wakiwasengenya watu wa kanisani, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza. Mimi saa hizo nilikuwa naangalia mpira.

Jumapili ya kwanza bila yeye nilishika chanuo nikaanzia utosini kushuka chini. Meno mawili yakakatikia humo humo kichwani. Mtoto hakulia. Aliyatoa moja moja, akaniwekea kiganjani, akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakijibu, "Baba, Mama huanzia kwenye ncha."

Wiki mbili alikwenda shule amevaa kofia ya sufu, akavuliwa darasani, akarudi nyumbani kanuna. Ndipo mtu mmoja kanisani akanielekeza kwa mama Mkongo anayesukia nyumbani kwake Fridley. Alikuwa mwenyeji wa Uvira, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mizito na kitambaa cha kitenge alichokifunga chini kabisa, karibu na nyusi. Sebuleni kwake palikuwa na kiti kimoja cha kusukia, televisheni yenye kwaya, na pakiti za rasta zimening'inia ukutani kwa mpangilio wa rangi. Alimkalisha binti yangu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Tufanye mistari kubwa-kubwa, bila kuongeza," alisema. "Kwa mutoto ni muzuri."

Mimi nilikuwa nimepiga hesabu zangu za muda. Kazi yangu iko Saint Louis Park, Fridley iko upande mwingine kabisa wa mji, na theluji haikuwa na dalili ya kukoma. Nikamwambia, "Mama, naomba umsuke ndogo ndogo, uongeze rasta, na ukaze vizuri. Zikae wiki sita."

Akaniangalia kwenye kioo. "Papa, kwa mutoto hatukazangi vile."

"Mama yake hayupo," nikasema. "Nisaidie tu."

Basi akanisaidia. Ilichukua saa tano. Binti yangu alitoka pale amependeza mpaka nikampiga picha kwenye ngazi, theluji ikiwa nyuma yake. Kwenye picha ile, ukiiangalia vizuri, nyusi zake zimevutwa juu kidogo, kama mtu aliyesikia habari ya kushangaza.

Asubuhi yake alisema kichwa kinamuuma na hawezi kulalia upande wowote. Nilimpa dawa ya maji ya maumivu, nikamwambia maneno niliyowasikia dada zangu wakiambiwa nikiwa mdogo: ukitaka uzuri sharti udhurike. Nilimtafsiria kwa Kiingereza ili aelewe sawasawa. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa sababu kukitikisa kulimuuma.

Siku ya tatu vikatoka vipele vidogo kwenye mpaka wa nywele, kila kimoja kwenye shina la msuko, vingine na nukta nyeupe juu. Nikasema ni joto la kofia. Nikapaka mafuta ya mgando. Baada ya juma moja misuko ikalegea kidogo, maumivu yakaisha, na mimi nikahesabu kwamba jambo limekwisha. Sikujua kwamba ngozi ilikuwa inazungumza, na kwamba ilinyamaza kwa kuchoka.

Tulirudi Fridley katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Aprili. Kila mara ndogo ndogo, kila mara za kukaza, kila mara za kushuka mpaka kiunoni, maana mtoto mwenyewe alikuwa amezipenda na rafiki zake walizisifu. Nilijifunza hata kumfungia zote juu ya kichwa kwa raba, kama chungu, siku za mazoezi ya viungo. Mke wangu akipiga simu ya video alikuwa anasema, "Mume wangu, hongera, mtoto anang'aa." Nami nilivimba kichwa.

Ilikuwa mwisho wa Mei, siku tulipofumua zile za tatu. Tulikaa kibarazani kwa nyuma, dirisha la jirani likitoa harufu ya nyama ya kuchoma. Nilikuwa nafumua upande wa kushoto, yeye kulia. Alikwenda bafuni kunawa mafuta, akakaa huko muda mrefu. Niliposogea mlangoni nilimkuta amesimama mbele ya kioo, ameziminya nywele zote nyuma kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "uso wangu unakua?"

Nikacheka kwanza. Halafu nikawasha taa.

Panjani, pale juu ya masikio pande zote mbili, nywele zilikuwa zimerudi nyuma kwa upana wa vidole viwili. Haikuwa kama kichwa kilichonyolewa. Mbele kabisa, pale mpaka ulipokuwa zamani, ulibaki mstari mwembamba wa nywele za malaika, fupi na laini, kama wino uliofutwa vibaya. Nyuma ya mstari huo palikuwa peupe. Baada ya hapo ndipo nywele zenyewe zilipoanza. Upande wa kushoto palikuwa pabaya zaidi.

"Haukui," nikamwambia. "Ni nywele zimepungua kidogo. Zitarudi."

"Utajuaje?"

Nilimvalisha utepe mpana wa kichwani, tukaenda kula piza.

Kwa wiki nzima nilimficha mke wangu. Nasema ukweli hapa kwa sababu mtoto anaujua na siku moja atausema yeye. Simu ya video ikiita nilikuwa namwekea mtoto utepe, au naielekeza kamera kwenye sahani yake. Siku ya nane mke wangu akasema, "Mbona mtoto kila siku kavaa utepe? Utoe nikuone, mama."

Binti yangu aliniangalia mimi kwanza. Kuniangalia kule ndiko kulikoniumiza, maana nilimfundisha mwenyewe kwamba hili ni jambo la kuficha. Nikamwambia, "Utoe, mwanangu." Akautoa.

Jogoo wa mama mkwe alisikika kule Morogoro. Kisha mke wangu akasema, si kwa hasira, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Sogea karibu. Geuka. Huku." Akamwambia mtoto ni mrembo, akamuuliza habari za kitabu anachosoma, akamruhusu aende kucheza. Tulipobaki wawili nikaanza kujieleza: umbali, kazi, theluji, wiki sita.

"Subiri," akasema. "Na mimi nilikuwa namfunga mabutu kwa raba tangu ana miaka mitatu. Nilikuwa nikiona panavuta, nasema ndiyo nadhifu hivyo. Usibebe peke yako." Alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Mpeleke kwa daktari wa ngozi. Na asisukwe tena."

Nilimpigia daktari wa watoto, akatuandikia kwa mtaalamu wa ngozi, tukapangiwa katikati ya Juni. Lakini kabla ya hapo nilikwenda Fridley na mtoto. Nilikwenda na hasira, niseme kweli. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kulaumu, na mikono yake ndiyo iliyokuwa karibu.

Mama yule alitufungulia mlango akiwa na unga mikononi. Nilimtoa mtoto utepe palepale, bila salamu. Aliosha mikono, akakausha kila kidole, akamkalisha mtoto kwenye kile kiti na kupitisha kidole gumba juu ya ile ngozi, taratibu, kama anayetafuta mwanzo wa uzi. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Miye nilijua," alisema hatimaye. "Wewe uliomba, lakini miye ndiye nilijua. Ningepashwa kukataa."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifungua kitambaa cha kitenge. Nywele zake zilianza mbali sana, karibu na utosi. Mbele palikuwa na ngozi tupu, laini, inayong'aa chini ya taa kama sahani iliyooshwa. Hapakuwa na unywele wa malaika hata mmoja. Palikuwa na vinywele vichache tu katikati ya paji, vimesimama mbalimbali kama miche iliyokosa maji.

"Tangu nilikuwa musichana," akasema. "Tulisukwa na uzi wa nailoni, wa kukaza. Kisha rasta. Kisha kule Nairobi, kwenye ukimbizi, nilikuwa nashonea nywele ya bandia juu, ndiyo kazi yangu, lazima mususi apendeze. Ikauma, nikaacha iume. Ikatoka, nikashonea ingine juu ya kuficha. Miaka makumi mbili na kitu." Aliuchukua mkono wa binti yangu akauweka pale. "Gusa. Iko laini, eh? Sasa gusa ya kwako. Unasikia? Iko kama kuna muchanga-muchanga. Hizo ndizo nywele zinataka kutoka. Ya kwangu imefunga. Ya kwako bado."

Binti yangu aligusa ya kwake, akagusa ya yule mama, akarudia. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza kama bibi huyu amewahi kumwona daktari. Nikamtafsiria. Yule mama alicheka.

"Kwa kichwa? Dokta wa Amerika naye anajua nini kwa nywele yetu? Miye napaka mafuta ya mbarika. Na maji ya kitunguu."

"Twende naye," binti yangu akasema.

Ndivyo tulivyojikuta watatu kwenye chumba cha daktari, katikati ya Juni. Yule mama alivaa viatu vya kanisani. Aliniambia ni kumsindikiza mutoto tu, kwa sababu mutoto ameomba.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mweusi, na nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi sana. Alimuuliza binti yangu maswali kabla ya kuniuliza mimi. Iliuma? Iliuma siku ngapi? Ulitokwa na vipele? Ulifungwa juu? Mtoto alijibu yote kwa ufasaha, bila kunionea huruma. Daktari akakwangua kidogo ngozi ili apime kama si mapunye, maana mapunye nayo huondoa nywele za watoto na dawa yake ni nyingine kabisa. Halafu akachukua lenzi ndogo yenye taa, akaiweka panjani kushoto, na picha ikatokea kwenye skrini ukutani.

Sijawahi kuiona ngozi ya mtoto wangu vile. Ilikuwa kama shamba lililopigwa picha kutoka kwenye ndege. "Unaona hivi vitundu?" daktari akauliza. "Kila kimoja ni mlango wa nywele. Vingi viko wazi. Na hizi nyembamba ni nywele zilizodhoofika, hazijafa." Akatuonyesha mashina machache yaliyokuwa yamevaa kitu cheupe kama soksi; hiyo, alisema, ni alama kwamba nywele imekuwa ikivutwa karibuni. Akatueleza kwamba nywele inayovutwa muda mrefu hulegea, kisha hutoka, kisha huota nyembamba, na kuvuta kukiendelea miaka, mlango hufungwa na kovu. "Huyu tumemuwahi," akasema.

"Zitarudi?" nikauliza.

"Natarajia, nyingi au zote. Kwa masharti." Hakuandika dawa nyingi: marhamu ya kutuliza uvimbe kwa siku chache pale palipobaki vipele, basi. Dawa za kuotesha alisema hataki kuanza nazo kwa mtoto wa umri huu. Tiba yenyewe ni kuacha kuvuta. Asisukwe kwa kukaza, asiongezewe rasta, asifungwe juu. Hata ule utepe niliomnunulia nao ulikuwa unabana palepale. Ukaingia mfukoni mwangu. "Akikwambia inauma, inauma," daktari akasema. "Mtindo mzuri hauumi. Na uwe na subira. Miezi mitatu usione kitu. Sita, labda zaidi."

Tulikuwa tunainuka kuondoka binti yangu alipomshika daktari kwenye koti. Akamwambia kwa Kiingereza, "Tafadhali mwangalie na bibi."

Yule mama alielewa bila tafsiri. Alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, hapana. Miye niko musindikizaji." Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kitambaa.

Daktari alisema kwamba rasmi ingebidi apange siku yake mwenyewe, apewe na mkalimani, lakini kama mama anaridhia, anaweza kutupia jicho. Akamkalisha. Akaanza na katikati ya paji, akasogea kulia, akasogea kushoto, akakaa pale muda mrefu. Kwenye skrini palikuwa na ngozi iliyonyooka kabisa. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba hapakuwa na vitundu.

Alizungumza kwa upole, akanitazama mimi ili nitafsiri. Alisema katikati kuna milango michache bado iko hai, na ipo dawa ya majimaji ya kupaka kila siku ambayo inaweza kuzinenepesha zile nywele. Panjani ni kovu la zamani. Pale hazitaota tena, si kwa dawa wala kwa mafuta. Ipo njia ya kupandikiza nywele kutoka kisogoni, kwa baadhi ya watu, na hiyo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Nilimgeukia yule mama. Macho yake yalikuwa kwangu kama ya mtu anayesubiri jina lake kuitwa. Nikasema, "Mama, anasema katikati kuna nafasi nzuri, kuna dawa. Hapa pembeni... itachukua muda zaidi. Tutaona."

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili, Kiswahili cha mama yake, chenye lafudhi ya Morogoro ambayo sikujua kwamba binti yangu anayo.

"Baba hajasema vizuri. Daktari kasema hapa hazitarudi." Akasita, akitafuta neno. "Pole, Bibi."

Niliona aibu mpaka shingoni. Nikafungua kinywa nirekebishe, lakini yule mama aliinua kiganja.

"Papa, wacha. Mutoto amesema vile dokta alisema?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo alivyosema. Nisamehe."

Alikaa na habari ile. Aliutazama ule ukuta wenye picha ya ngozi yake. Chozi moja lilishuka, akaliacha lifike kidevuni. Halafu akavuta pumzi ndefu, akacheka kidogo puani.

"Bon, basi," akasema. "Miaka yote nanuka kitunguu bure."

Binti yangu alipanda kwenye kile kiti kirefu, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Daktari akatuachia chumba kwa dakika chache. Yule mama alifunga kitambaa chake, safari hii juu zaidi, pale nywele zake zilipoanzia kweli, na wala si karibu na nyusi.

Kuanzia juma lile nilikuwa nakwenda Fridley kila Jumamosi asubuhi, sasa kama mwanafunzi. Yeye mwenyewe aliamua. "Wewe ndiye utamuchana," aliniambia. "Mama yake yuko mbali, na miye siko nyumbani kwako." Alinifundisha kulowesha kwanza, kupaka kilainisho, kuanzia kwenye ncha kama binti yangu alivyonieleza Januari. Alinifundisha kugawa kwa kidole na si kwa ncha ya kitana. Alinifundisha misokoto ya nyuzi mbili, minene, ianze mbali na paji. Nikivuta, alikuwa ananipiga kofi dogo mkononi. "Angalia nyusi. Zikipanda, umekaza." Vidole vyangu vimezoea kibodi, misokoto yangu ya kwanza ilifumuka kabla hatujafika kwenye gari. Binti yangu alivumilia. Wakati mwingine alilala usingizi mikononi mwangu, kichwa kimeegemea goti, nami nilikaa bila kusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

Julai hapakuwa na kitu. Kila Jumapili tulisogea dirishani nikampiga picha panjani, kushoto na kulia, tukalinganisha na ya wiki iliyopita. Hakuna. Kipimo cha mapunye kilirudi safi. Vipele viliisha. Nywele hazikuonekana. Jumapili moja alisema hataki kupigwa picha tena, tukaacha. Kambi ya kiangazi ya kuogelea alikwenda bila kofia ya mpira, nikaandika barua kueleza kwa nini. Mtoto mmoja kule alimuuliza kwa nini ana paji kubwa. Alinisimulia garini kwamba alimjibu, "Nywele zangu zimechoka. Zinapumzika."

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa nampaka mafuta, nikahisi kitu chini ya kidole. Kama kidevu changu saa za jioni. Nikampeleka dirishani. Panjani kulia palikuwa na vivuli vidogo vyeusi, vingi, kama mtu amenyunyiza masizi. Kushoto vilikuwa vichache, lakini vilikuwepo. Nilichukua kidole chake nikakiweka pale.

Alipapasa huku na huku. Kisha akapiga kelele, akakimbia kibarazani, akarudi, akadai tumpigie bibi wa Fridley kabla ya mama, kwa sababu Morogoro ilikuwa bado usiku na bibi alikuwa macho. Kwenye simu alizungumza Kiswahili tupu. Kilikuwa kimevunjika-vunjika, kila neno limekaa mahali pa jirani yake, lakini hakikuwa na Kiingereza hata kidogo. Nilisikia upande wa pili mama yule akipiga vigelegele, na mteja wake akiuliza kuna nini.

Mama mkwe alipoweza kutembea kwa fimbo, mke wangu alirudi. Ilikuwa Oktoba. Uwanja wa ndege uko karibu nasi kiasi kwamba tunazisikia ndege tukiwa mezani, na siku ile binti yangu alitoka nje kila iliposhuka moja. Tulipompata mama yake pale kwenye mizigo, alimkumbatia, akamwinua, kisha akapiga magoti na kumtazama panjani. Nywele mpya zilikuwa zimefika urefu wa kiungo kimoja cha kidole, zimejisokota zenyewe, hazijakubali bado kuungana na zile ndefu. Mke wangu alizigusa kwa midomo. Alinyoosha mkono bila kuangalia, akaushika wangu.

Sasa umepita mwaka na zaidi. Kulia huwezi kujua kwamba paliwahi kutokea kitu. Kushoto pamejaa, isipokuwa kona ndogo, upana wa ukucha, ambapo nywele zimebaki nyembamba. Daktari alituambia huenda zikanenepa bado, na huenda zikabaki hivyo. Binti yangu anaijua kona ile na hasumbuliwi nayo. Mimi ndiye ninayeiangalia kila asubuhi.

Mama wa Fridley alirudi kwa daktari kwa siku yake mwenyewe, na mkalimani wake. Anapaka ile dawa, na zile za katikati zimeshika kidogo. Panjani pamebaki vilevile. Kupandikizwa alikataa, alisema kisogo chake hakina deni na mtu. Alinyoa nywele fupi, akaacha kitambaa kwa ajili ya kanisani tu. Mtu akikaa kwenye kiti chake akasema kaza, yeye humwonyesha paji lake, basi. Wengine wameondoka kutafuta wasusi wengine. Wengi wamekaa.

Jumapili ya kwanza baada ya mke wangu kurudi, alitandaza kanga sakafuni, akaweka mafuta kwenye kisosi, akamwita mtoto. Binti yangu alikuja, akasimama katikati yetu na chanuo mkononi, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, kwa adabu nyingi, "kaa hapa karibu. Baba atakuonyesha."

Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sikujua kama ni la kicheko au la wivu. Nadhani yote mawili. Alisogea, akakunja miguu, nikalowesha nywele, nikaanzia kwenye ncha. Tulipofika panjani aliuweka mkono wake juu ya wangu, apate kusikia ni nguvu kiasi gani.

"Hivi tu?" akauliza.

"Hivi tu."